Kikombe Kwenye Dashibodi: Gari Linavyokisia Usingizi Wako kwa Kuusoma Usukani

(Maneno ya fundi umeme wa magari kwenye mkutano wa madereva, Morogoro)

Shikamooni wakubwa zangu. Wa rika langu, habari za asubuhi. Vijana, hamjambo.

Viongozi wenu wameniomba niseme habari ya kile kikombe kinachowaka kwenye dashibodi, na nilikubali papo hapo, kwa sababu siku chache kabla ya kuombwa alikuja dereva mmoja gereji kwangu akitaka nimzimie "taa ya chai". Ndivyo alivyoiita. Kikombe kidogo chenye mshikio, mvuke unapanda juu yake, na chini maneno ya Kiingereza ambayo hakuyapa muda wa kuyasoma. Mara ya kwanza kilipowaka alidhani ni joto la injini, kwa sababu ya ule mvuke. Akasimamisha gari, akafungua boneti, akaangalia maji. Maji yalikuwa yamejaa. Akaamua kwamba taa imeharibika, na gari halina neno.

Ameniruhusu niisimulie safari yake, na nitaisimulia kituo kwa kituo, ila jina lake naliacha. Kabla ya safari hiyo nataka mwone kwanza mikono yenu inafanya nini mkiwa macho, kwa maana hicho ndicho gari linachokiangalia kwanza.

Chukueni barabara iliyonyooka, lami nzuri, mwendo wa 80 kwa saa. Dereva aliye macho anadhani ameushika usukani ukatulia. Haujatulia hata kidogo. Lami ina mteremko mdogo wa kutoa maji pembeni, upepo unasukuma, tairi inapita kwenye kiraka, na kila gari linapotaka kwenda huku, mkono unalirudisha kabla dereva mwenyewe hajatambua. Ni marekebisho madogo mno, digrii moja, nusu digrii, kushoto, kulia, bila kukoma. Mkono wa dereva aliye macho ni kama mkono wa mama anayepepeta mchele: ungo hausimami, wala yeye haufikirii.

Usingizi unapoingia, kinachopotea kwanza ni hayo marekebisho madogo. Macho bado yako wazi, pengine mtu anazungumza hata na abiria, lakini mkono umeacha kupepeta. Usukani unasimama pale pale sekunde moja, mbili, tatu. Gari halikusimama pamoja nao, linaendelea kuhama polepole kuelekea pembeni. Kisha kitu kinamshtua dereva, mstari mweupe au mlio wa changarawe, naye anarudisha usukani kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mara nyingi anapitiliza, halafu inambidi arudishe tena upande wa pili. Kwanza ukimya, kisha mshtuko. Hiyo ndiyo alama ambayo gari linaitafuta.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Tulikuwa tunarudi kutoka Dodoma, mimi na fundi mwenzangu, baada ya kazi iliyotuamsha saa kumi alfajiri. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Nilikuwa nimechomeka mashine ya kupimia kwenye soketi ya chini ya usukani kwa sababu nyingine kabisa, nikawa nimeifungua kwenye ukurasa wa sensa ya usukani. Namba zilikuwa zinacheza: moja nukta mbili, sifuri nukta nne, hasi sifuri nukta nane, moja nukta tano. Zinabadilika muda wote. Tulipita Kibaigwa. Ilikuwa kama saa tisa alasiri, jua kali, tumekula ugali wa kutosha. Nikaona namba imesimama kwenye mbili nukta moja. Nikadhani mashine imeganda. Nikaigusa. Kisha namba ikaruka hadi hasi saba, ikarudi tano, ikatulia. Nikamtazama mwenzangu. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, anatazama mbele. Nikamwambia, "Kaka, simama pale kwenye ule mti." Akaniuliza kwa nini, kwa sababu kwa hisia zake alikuwa anaendesha kama kawaida.

Kikombe kwenye dashibodi yake hakikuwa kimewaka, na hili mlishike kwa sababu nitalirudia. Gari haliwashi kikombe kwa ruko moja. Ruko moja linaweza kuwa shimo, mbuzi, au mtu aliyejikuna. Gari linahesabu. Linangoja tabia ile ijirudie mara kadhaa ndani ya muda fulani ndipo liseme neno.

Sasa niwaonyeshe linachohesabia. Hiki nilichoshika ni sensa ya usukani, nimeitoa kwenye gari lililogongwa. Ni duara jembamba lenye tundu katikati, na mhimili wa usukani unapita hapa. Aina hii ndani ina magurudumu mawili madogo ya meno, kila moja na sumaku yake. Idadi ya meno haifanani, na huo ndio ujanja wake. Usukani ukizunguka, magurudumu yanapishana kidogo kidogo, na kwa kulinganisha yalipo, kompyuta inajua usukani uko digrii ngapi, na pia umezunguka mara ngapi kutoka katikati. Inasoma mpaka sehemu ndogo ya digrii, na inasoma haraka kuliko mashine yangu inavyoweza kuonyesha.

Sensa hii haikuwekwa kwa ajili ya usingizi. Iliwekwa kwa ajili ya mfumo unaozuia gari kuteleza kwenye kona, ule unaowasha taa ya gari lenye alama za mchirizi nyuma yake. Mfumo huo unahitaji kujua dereva anataka kwenda wapi ili uulinganishe na gari linakokwenda. Kwa hiyo kifaa kilikuwa tayari kimo ndani ya magari mengi. Wahandisi walichofanya ni kuandika programu inayouliza swali jingine kwa namba zile zile. Ndiyo maana utakuta kikombe kwenye gari la kawaida lisilo na kamera wala kitu chochote kinachokutazama usoni. Mtu ananiuliza, "Fundi, kamera yake iko wapi?" Haipo. Kope zako, miayo yako, kichwa kinachoanguka, gari la namna hii halivioni kamwe.

Mercedes-Benz walianza kuuza mfumo wa namna hii mwaka 2009, wakauita Attention Assist. Kampuni ya Bosch, inayotengeneza vifaa kwa ajili ya kampuni nyingine za magari, ikawa na wake ambao uliingia kwenye Volkswagen Passat mwaka 2010. Volvo walikuwa wametangulia mwaka 2007 kwa njia tofauti: kamera inayotazama mistari ya barabara na kupima gari linavyoyumba kati yake. Njia hiyo inataka mistari. Sisi tunajua barabara zetu ni ngapi zenye mistari inayoonekana usiku wa mvua, kwa hiyo leo nabaki kwenye usukani.

Mfumo wa usukani unafanya kazi hivi. Ukiwasha gari na kushika mwendo, dakika za mwanzo gari linakusoma. Kila mtu ana mkono wake. Kuna mzee anayeendesha kwa utulivu, kuna kijana anayeutikisa usukani hata kwenye barabara iliyonyooka. Gari linajiwekea picha: huyu wa leo anaendesha hivi. Kuanzia hapo linalinganisha. Kila likiona ukimya ukifuatiwa na mshtuko, linaandika alama. Halafu linapima uzito wa alama hizo kwa mambo mengine linayoyajua: umeendesha muda gani bila kupumzika, ni saa ngapi, unatumia indiketa vipi. Alama zile zile zikitokea saa tisa usiku baada ya saa tatu za kuendesha zina uzito kuliko zikitokea saa nne asubuhi dakika ishirini baada ya kuondoka. Na linajaribu kutoa mambo yasiyo ya usingizi, kama upepo wa ubavuni, au pale dereva anapobonyeza vitufe vya redio mkono mmoja ukiwa mbali na usukani. Jumla ikivuka kiwango kilichowekwa, kikombe kinawaka na mlio unalia.

Kwa hiyo gari halijui kwamba unasinzia. Linajua tu kwamba mkono wa sasa haufanani na mkono wa mwanzo, na kwamba tofauti yenyewe ni ya namna inayoonekana kwa watu waliochoka. Nimesema "linakisia" kwa makusudi. Kisio hilo ni zuri pale linapopata nafasi ya kufanya kazi, na safari ya yule ndugu inaonyesha vizuri pale linapoikosa.

Aliamka Iringa saa kumi na moja alfajiri. Akashinda kutwa akimzungusha bosi wake kwenye shughuli. Jioni wakaambiwa kikao cha asubuhi kiko Dar es Salaam. Bosi akapanda ndege, yeye akaambiwa gari lifike asubuhi. Akala, akajilaza kidogo bila kupata usingizi, akaondoka saa saba usiku. Hesabuni wenyewe: saa ishirini tangu aamke. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walipima watu wasiolala wakawalinganisha na watu waliokunywa pombe. Aliyekaa macho saa kumi na saba alifanya vibaya sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ndugu yetu alikuwa amekwisha kupita hapo kabla hajawasha gari.

Akashuka Kitonga. Kikombe hakikuwaka Kitonga, na kisingeweza. Pale usukani unakatwa kulia na kushoto bila kupumzika, malori yanapanda kwa mwendo wa kutembea, na gari linakuwa chini ya mwendo ambao mfumo unafanya kazi. Kila mfumo una mpaka wake. Mercedes ya kwanza ilianza kuangalia kuanzia 80 kwa saa, baadaye wakaishusha hadi 60. Volkswagen nyingi zinaanza kwenye 65 hivi. Chini ya hapo gari halihukumu kitu. Tena kwenye kona kali hatari ya kusinzia ni ndogo, mwili wenyewe unaogopa.

Akafika Ruaha Mbuyuni. Mnaijua barabara ile baada ya mteremko: joto linapanda, mibuyu pande zote mbili, barabara inafunguka. Hofu ya Kitonga imekwisha, mwili unajilegeza. Saa inakaribia tisa usiku, wakati ambao usingizi una nguvu kuliko saa nyingine zote za siku. Hapo ndipo gari lilipopata kila lilichokihitaji: mwendo, barabara ndefu, muda wa kutosha wa kulinganisha. Likawasha kikombe, likalia. Yeye akasimama, akafungua boneti, kama nilivyowaambia. Akaendelea.

Akafika Mikumi mjini, akaingia kituo cha mafuta. Akazima gari, akafungua mkanda, akashuka, akajaza mafuta, akanawa uso, akarudi. Akawasha. Kikombe hakipo! Akaniambia kwa uhakika kabisa, "Fundi, ilizimika yenyewe, ndiyo maana nikajua ni hitilafu ya umeme."

Haikuwa hitilafu. Mfumo huu umeundwa ufute kumbukumbu zake ukizima gari. Mwingi unafuta pia ukifungua mkanda na mlango, au gari likisimama zaidi ya dakika kumi na tano. Waliouunda walidhani aliyezima gari na kushuka amekwenda kupumzika, au anayerudi ni dereva mwingine. Kwa hiyo kikombe kilizimika kwa sababu gari lilimsahau. Usingizi wake haukupungua hata dakika moja.

Kuna baya zaidi. Alipowasha upya, gari lilianza kumsoma upya, na mkono liliousoma sasa ulikuwa tayari umechoka. Picha ya "kawaida" iliyochukuliwa Iringa ilikuwa ya mtu aliyechoka lakini ana nguvu kidogo. Picha iliyotakiwa kuchukuliwa Mikumi ni ya mtu aliyekwisha. Ukimlinganisha mtu aliyechoka na yeye mwenyewe akiwa amechoka, tofauti inakuwa ndogo. Ndiyo maana nawaomba, kikombe kikiwaka, msikizime kwa kuzima gari na kuwasha tena kana kwamba mnaanzisha simu iliyoganda.

Baada ya Mikumi akaingia hifadhini. Kilomita 50 za hifadhi, matuta, alama za mwendo, wanyama wanaweza kuvuka wakati wowote. Aliendesha polepole kama inavyotakiwa. Lakini kwa mwendo ule mfumo haukuwa unafanya kazi. Zaidi ya nusu saa, usiku wa manane, mtu aliyekesha, na gari halimsomi. Kimya kile cha dashibodi alikichukua kama habari njema.

Akatoka hifadhini upande wa Doma. Barabara ikafunguka, akakanyaga mafuta. Mfumo ukaamka, lakini ndiyo kwanza unaanza kukusanya. Dakika chache tu baadaye tairi za kushoto zilishuka kwenye changarawe. Anasema alisikia mlio kabla hajaona kitu. Akarudisha usukani, gari likayumba hadi upande wa pili wa barabara, likarudi. Hapakuwa na gari linalokuja. Alikaa pembeni akitetemeka mpaka kulipokucha, ndipo akaja Morogoro, moja kwa moja gereji kwangu, kuomba taa ya chai izimwe.

Nilichomeka mashine. Hakuna kosa lililoandikwa. Sensa nzima, katikati yake sahihi. Nikamkalisha kitini, nikamweleza haya ninayowaeleza. Kisha nikamfungulia chumba cha nyuma akalala mpaka saa nane mchana.

Naomba mtazame pale Doma kwa karibu kidogo. Kwa 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Usingizi ule wa ghafla, ambao mtu hajui hata kama amelala, unaweza kuchukua sekunde tatu. Hizo ni mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, bila dereva. Mfumo wa kuhesabu alama hauwezi kukuokoa ndani ya sekunde hizo tatu. Unaona mwelekeo wa nusu saa, hauoni tukio la mara moja. Vitabu vya magari haya vinasema hivyo wazi, ila vitabu vyenyewe mara nyingi huwa havikuja na gari la mtumba, au vimekuja kwa Kijapani.

Hata pale kinapowaka kwa wakati wake, kikombe kimechelewa, na kimechelewa kwa mpango. Umoja wa Ulaya umelazimisha mfumo wa kuonya uchovu wa dereva: kwa aina mpya za magari tangu tarehe 6 Julai 2022, na kwa kila gari jipya linalosajiliwa tangu tarehe 7 Julai 2024. Kanuni yake inautaka mfumo uwe unafanya kazi kuanzia mwendo wa 70 kwa saa, na inapima usingizi kwa ngazi tisa zinazoitwa za Karolinska, kwa jina la taasisi ya Sweden. Ngazi ya kwanza ni mtu aliye macho kabisa. Ya saba ni mwenye usingizi ambaye bado hajalazimika kupambana nao. Ya nane ni yule anayejitahidi kukaa macho. Ya tisa anapigana na usingizi. Sheria inataka onyo litolewe ngazi ya nane, na inaruhusu litolewe ya saba. Hawakuweka ya tano wala ya sita, nadhani kwa sababu huko gari lingelia kila mara na watu wangelizima onyo. Maana yake kwetu ni hii: kikombe kikiwaka, una kila sababu ya kuamini kwamba tayari uko kwenye kupambana. Usiseme "nimepewa taarifa mapema, nitafika Chalinze."

Sasa haki itendeke upande wa pili, maana wapo watakaosema kwao kinawaka hata wakiwa macho. Ni kweli hutokea. Upepo mkali wa ubavuni unaweza kufanya hivyo, na barabara yenye viraka na mashimo pia, kwa sababu unakwepa, na kukwepa kunafanana na mshtuko. Anayeendesha kwa papara na kuovateki kila dakika naye anaweza kulichanganya gari.

Lakini mara nyingine kosa liko chini ya gari, na hapo kikombe kinakuwa kimekusaidia kwa njia nyingine. Tairodi zikichakaa, usukani unakuwa na nafasi ya bure katikati: unauzungusha kidogo na tairi hazijibu. Gari linahama, dereva anazungusha ndani ya ile nafasi, hakuna kinachotokea, anazidisha, ghafla tairi zinashika. Yaani dereva aliye macho anatoa ukimya na mshtuko kwa sababu ya chuma. Kulijua hili ni rahisi. Gari likiwa limesimama, injini inaunguruma, tairi zimenyooka, mtu mmoja atazame tairi ya mbele, mwingine azungushe usukani kwa kidole kidogo kidogo, kushoto na kulia. Usukani ukicheza na tairi imetulia, nenda ukaangaliwe tairodi na boljointi kabla ya kulaumu taa. Na kama umefanya alaimenti na sasa usukani umekaa upande wakati gari linakwenda wima, rudi kwa aliyeifanya. Usukani unyooke, na sensa iwekwe upya katikati kwa mashine. Kazi ya dakika chache, ila wengi hawaifanyi kwa sababu gari linatembea tu.

Kipimo changu cha kutofautisha ni hiki. Kikombe kinachowaka mchana wakati wowote, barabara yoyote, kwa kila dereva anayepewa gari hilo, nakishughulikia kama gari. Kikombe kinachowaka baada ya saa mbili au tatu za barabara ndefu, usiku wa manane au baada ya chakula cha mchana, na hakiwaki asubuhi, nakishughulikia kama dereva.

Wanaotaka kukizima, ndiyo, kwenye magari mengi kinazimika kwenye menyu ya mipangilio. Sitaficha. Sensa itaendelea kusoma kwa ajili ya breki na kuteleza, onyo tu ndilo halitatoka. Mimi kwa mkono wangu sikizimi kwa mtu yeyote anayeendesha usiku, na nimewaambia vijana wangu gereji wasikizime.

Mmeniuliza kabla ya mkutano: kikiwaka, tunywe kahawa kweli? Kunyweni, lakini msiishie hapo. Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, watafiti Horne na Reyner waliwapima madereva wenye usingizi kwenye mashine ya kuigiza barabara. Kufungua dirisha upepo uingie na kuongeza sauti ya redio vilisaidia kidogo tu, na kwa muda mfupi. Kilichosaidia ni kahawa, na usingizi mfupi usiofika robo saa au unaozidi hapo kidogo tu. Namna nzuri ni kuviunganisha: simama mahali salama, kunywa kahawa mara moja, kisha lala. Kahawa inachukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi mwilini, kwa hiyo haikuzuii kulala, na ukiamka unaikuta imefika. Weka kengele ya simu dakika ishirini. Ukilala zaidi ya hapo bila kulala kabisa, unaamka mzito, na unahitaji muda kabla ya kushika usukani.

Mahali salama ni kituo cha mafuta, kituo cha mabasi, uwanja wa hoteli yenye mlinzi. Pembeni mwa barabara si mahali salama, lori la dereva mwingine mwenye usingizi linakuja nyuma yako. Ndani ya hifadhi usishuke kabisa. Ukijua umechoka kabla ya Mikumi, maliza habari hiyo Mikumi mjini, usiingie hifadhini ukitegemea gari likuambie, kwa sababu nimewaonyesha kwamba humo halisemi.

Na mliopewa magari na mabosi wenu, mkiambiwa gari lifike asubuhi, semeni mmeamka saa ngapi. Yule ndugu hakusema. Bosi wake aliponipigia simu kuuliza gari lina tatizo gani nilimweleza, naye akanijibu kwamba hakuwahi kuhesabu saa za dereva wake tangu alfajiri. Nadhani alisema kweli.

Sasa tutoke nje. Gari liko chini ya mwembe, mashine nimeshaichomeka na ukurasa wa usukani uko wazi. Tutakwenda wanne wanne kwa barabara ya Dodoma, tukipita Mkundi tunageuza. Mmoja anaendesha kama anavyoendesha siku zote, bila kujionyesha, watatu wanatazama namba zinavyocheza. Mzee wangu wa hapo mbele, umesema umeendesha miaka mingi na mkono wako hautikisiki. Shikamoo, karibu uanze wewe.